Mkurugenzi Anapoiuzia Kampuni Shamba Lake

Mkurugenzi anayeiuzia kampuni ardhi yake huketi pande mbili za meza moja. Kama muuzaji anataka bei ipande, na kama mkurugenzi ana wajibu wa kuhakikisha kampuni hailipi zaidi ya thamani. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 haikatazi biashara ya namna hiyo, kwa sababu wakati mwingine kiwanja cha mkurugenzi ndicho hasa kampuni inachokihitaji. Inachodai ni kwamba atangaze maslahi yake, na kwamba mali ikiwa kubwa kupita kiwango kilichowekwa, wanahisa waidhinishe kwanza.

Chukua mfano wa kubuni, kisiwani Manda. Kampuni ya hoteli yenye mali halisi ya shilingi milioni 120 inatafuta kiwanja ufukweni, upande unaotazamana na Shela. Mmoja wa wakurugenzi wake ana kiwanja huko. Alikinunua miaka miwili nyuma kwa milioni 12, na sasa anakitoa kwa milioni 40, yaani theluthi ya mali yote ya kampuni. Huenda bei hiyo ni ya haki, kwani ardhi ya ufukweni hupanda. Tatizo ni kwamba anayejua zaidi habari za kiwanja hicho ndiye anayekiuza.

Ardhi ina siri nyingi kuliko gari au mashine, na Manda ina zake. Maji baridi ni ya shida kisiwani humo. Hata kuhamwa kwa mji wa kale wa Takwa, ambao magofu yake yangalipo, wengi hukuhusisha na visima kuingia chumvi. Kisha kuna suala la umiliki. Ibara ya 65 ya Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa ukodishaji tu, usiozidi miaka 99, na kampuni huhesabiwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hoteli hii ikiwa na mwanahisa mmoja mgeni, haiwezi kupata milki ya kudumu hata kama muuzaji anayo. Itapata ukodishaji, na bei iliyokadiriwa kwa milki ya kudumu itakuwa imezidi. Mkurugenzi aliyezaliwa Lamu anayajua hayo yote. Mwanahisa aliyeko Nakuru au Maskati huenda hajui hata moja.

Ndiyo maana kutangaza maslahi hakumaliziki kwa kusema kikaoni, “Ndugu wajumbe, kiwanja hiki ni changu.” Sheria inataka aina na kiasi cha maslahi vielezwe, na sharti hilo haliepukiki kwa kuandikisha kiwanja kwa jina la mke, la mwana au la kampuni nyingine anayoitawala. Ikiwa wenzake wataamua wakiwa na macho wazi, wanapaswa kujua alinunua lini na kwa bei gani, kama kuna rehani au kesi mahakamani, na kama ana deni ambalo fedha za mauzo zitalilipa. Mthamini naye aajiriwe na wakurugenzi wasiohusika. Ripoti iliyolipiwa na muuzaji, hata ikiwa na mhuri, ni barua ya muuzaji tu.

Kesi inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingi ilihusu kisiwa pia, tena kidogo sana: Sombrero, huko Karibi, kilichojulikana kwa fosfeti. Mwaka 1871 kundi la wafanyabiashara lililoongozwa na Emile Erlanger, mwenye benki wa Paris, lilinunua haki ya ukodishaji wa kisiwa hicho kwa pauni 55,000. Wiki chache baadaye waliiuza kwa kampuni waliyoiunda wenyewe, kwa pauni 110,000. Walichagua bodi yenye majina mazito, akiwemo Meya wa Jiji la London. Lakini wakurugenzi wawili walikuwa nje ya nchi, na kati ya waliokuwepo mmoja alikuwa mtu wa wauzaji. Mkataba ulipita bila mtu kuuchunguza kwa dhati, na umma ukanunua hisa bila kuijua ile bei ya kwanza.

Wanahisa walipogundua, kampuni ilikwenda mahakamani, na mwaka 1878 Baraza la Malodi la Uingereza likaamua kwamba mauzo hayo yavunjwe. Kosa la akina Erlanger halikuwa kupata faida. Walikuwa na haki ya kuuza kwa bei maradufu, mradi waiambie bodi huru inayoweza kukataa, au wawaambie wanahisa wote. Hawakufanya lolote kati ya hayo. Walikuwa waasisi wa kampuni, lakini mkurugenzi wa leo hupimwa kwa kipimo hichohicho.

Baada ya bodi hufuata kura, na hapa ndipo hila nyingi hufichwa. Turudi Manda. Kampuni ina hisa 1,000,000. Mkurugenzi ana 400,000, mkewe 100,000, na nusu iliyobaki imetawanyika kwa watu wengi. Mkutanoni wanatokea wadogo wenye hisa 350,000. Wenye hisa 140,000 wanakubali kununua kiwanja, wenye 210,000 wanakataa. Kura zote zikihesabiwa pamoja, hisa 640,000 kati ya 850,000 zimeunga mkono, asilimia 75, na gazeti litaandika kuwa wanahisa wameidhinisha kwa kishindo. Zikiondolewa za muuzaji na mkewe, waliokubali ni asilimia 40 tu. Mkutano ni ule ule, majibu ni mawili yanayopingana.

Sheria za zamani zilimpendelea muuzaji. Mwaka 1887, katika kesi ya kampuni ya meli ya Kanada dhidi ya Beatty, Baraza la Faragha mjini London lilikubali kwamba mkurugenzi aliyeiuzia kampuni meli yake angeweza kuidhinisha mauzo kwa kura za hisa zake mwenyewe. Hoja ilikuwa kwamba hisa ni mali ya mtu, na mwenye mali huitumia kupiga kura apendavyo. Ni hoja safi kimantiki, lakini humfanya mwanahisa mdogo kuwa mtazamaji. Basi kampuni makini isisubiri kubishana juu ya hilo siku ya mkutano. Iandike katika katiba yake kwamba muuzaji na jamaa zake hawapigi kura kwenye jambo lao, na kwamba tangazo la mkutano litaje bei, jina la muuzaji na ripoti ya mthamini.

Biashara ikishapita, hesabu za mwaka zitabeba alama yake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 24 kinataka uhusiano, kiasi na salio lolote lisilolipwa vielezwe katika maelezo ya hesabu. Maneno mepesi kama “ununuzi wa ardhi kwa bei ya soko”, bila jina wala tarakimu, yatoshe kumfanya mwanahisa anyanyue mkono.

Asichelewe kuunyanyua. Mauzo yasiyoidhinishwa kampuni inaweza kuyavunja, na muuzaji adaiwe faida aliyopata. Lakini nafasi ya kuyavunja hupotea ardhi ikishauzwa kwa mtu mwingine aliyenunua kwa nia njema, au wanahisa wakishayaridhia mauzo baadaye. Swali la bei ya kwanza ya kiwanja liulizwe kabla uhamisho haujasajiliwa.