Faida Isiyofika Benki

Wasikilizaji wetu wa Babati, mwenye kusoma hesabu za kampuni asianze na faida peke yake, bali ailinganishe na fedha taslimu zilizotokana na biashara yenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: mfanyabiashara wa mbaazi, jioni ya tarehe 31 Desemba, ampelekea mnunuzi magunia 200 kwa mkopo, kila gunia shilingi 150,000, akaandika mauzo ya milioni 30, ilhali wamekwisha kuafikiana kwa siri kwamba magunia yatarudishwa Januari. Hapo mauzo yamepanda, madeni ya wateja yamepanda kwa kasi zaidi, wala benki haikuingia hata senti. Na hiyo ndiyo dalili kubwa kupita zote ya faida ya kutungwa, ijapokuwa biashara inayokua kwa uaminifu nayo yaweza kuionyesha kwa muda.

Tutoke kwenye mfano wa kubuni, tuje kwenye wa kweli: kampuni ya maduka makubwa ya Uchumi ya Kenya ilitangaza faida mwaka 2014. Mwaka 2015, huku wasambazaji wakidai malipo yao, ikafunga maduka yake ya Tanzania na Uganda, ikatangaza hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 3 za Kenya.

Kwa hiyo, enyi wanahisa na wanaushirika, mkutanoni ulizeni mauzo ya Desemba yalilipwa lini, na mangapi yalifutwa Januari.