Mlango Unaokwama Baada ya Mvua

Mazungumzo ya leo ni juu ya mlango wa mbao ambao wakati wa kiangazi hufunguka kwa kidole kimoja, lakini mvua ikisha kunyesha majuma mawili hapana budi kuusukuma kwa bega. Watu wengi wa Kitengela na Kajiado waujua mlango huo. Wengi pia wamelipa fedha ili upigwe randa, na kiangazi kilipofika wakaona umeacha mwanya mpana unaopitisha vumbi na upepo, na ulimi wa kitasa haufiki tena mahali pake.

Kosa lao si kupiga randa. Kosa lao ni kupiga randa kabla ya kujua ni kitu gani kilichosogea.

Mbao hunywa unyevu wa hewa, hata ikiwa haikuguswa na tone la mvua. Inyweapo, hupanuka kwa upana wake, lakini kwa urefu wake haibadiliki ila kidogo sana. Mlango wa mbao zilizopangwa kusimama, wenye upana wa sentimita 80, waweza kuongezeka karibu milimita 5 kati ya kiangazi kikali na masika. Mlango wa fremu na paneli huongezeka kidogo kuliko huo, maana paneli huachiwa nafasi ya kucheza ndani ya mifuo yake. Basi ikiwa mbao ndiyo iliyovimba, mlango husugua ubavuni, upande wa kitasa, na alama yake ni ndefu, toka karibu na juu mpaka karibu na chini.

Alama ikiwa pembeni tu, sababu ni nyingine. Bawaba ya juu ikilegea, mlango huinama kwa uzito wake: pembe ya juu upande wa kitasa hugonga mwimo, na pembe ya chini upande huo huo hukwaruza sakafu. Tazama upande wa bawaba: mwanya wa juu utakuwa mpana kuliko wa chini. Mlango wa namna hii hauhitaji randa hata kidogo. Kaza skrubu. Tundu likiwa limelika hata skrubu haishiki, lijaze vijiti vya mbao kavu vilivyopakwa gundi, ngoja ikauke, kisha tia skrubu upya.

Sababu ya tatu ni udongo, na hiyo yawahusu hasa watu wa Kitengela. Nyumba nyingi huko zimesimama juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa jua, na ambao mvua ikinyesha huvimba na kunata viatuni. Msingi usipofika chini ya udongo huo, pembe moja ya nyumba huinuliwa na nyingine hubaki, na fremu ya mlango iliyokuwa mraba hupinda. Mlango wenyewe haukubadilika. Tundu lake ndilo lililobadilika.

Natuchukue mfano wa fundi mmoja mwenye umri, aliyeitwa katika nyumba mbili kwa siku moja, ya kwanza Kajiado na ya pili Kitengela.

Huko Kajiado mlango ulikuwa wa chumba cha kulala, nao ulikaza kiasi ambacho mtoto alikuwa amefungiwa ndani asubuhi hiyo, akilia mpaka jirani akaja kusukuma. Fundi alichukua kipande cha karatasi, akafunga mlango, akakipitisha katika mwanya kuuzunguka mlango wote. Juu karatasi ilipita. Upande wa bawaba ilipita. Upande wa kitasa ilishikwa toka kiunoni mpaka juu. Ndipo akapaka chaki kwenye mwimo, akafunga na kufungua mara tatu. Ukingo wa mlango ukatoka na mstari mweupe wa sentimita 90 hivi. Bawaba zilikuwa imara. Basi hiyo ilikuwa mbao iliyovimba.

Aling'oa uso wa kitasa kwanza, maana chuma huharibu ulimi wa randa. Akapiga kamba jembamba, penye chaki tu, akipaka chaki tena na kujaribu kila baada ya mapito machache. Alipofikia mwanya wa milimita 2, karibu unene wa sarafu, akaacha. Mwenye nyumba akamwomba aongeze. "Hapana, Mama," akasema. "Leo mlango huu umeshiba maji. Ukikauka utajipunguza wenyewe." Naye alisema kweli: anayeulegeza mlango wakati wa masika huacha mwanya mdogo, na anayeulegeza wakati wa kiangazi ndiye apaswaye kuacha milimita 4 au 5.

Mahali pa kuangalia sana ni ncha ya juu na ya chini ya mlango. Hapo nyuzi za mbao zimekatwa, na maji huingia kama katika mirija. Lakini mafundi wengi hawapaki rangi hapo kwa kuwa hapaonekani. Fundi yule alimwagiza Mama angoje majuma kadhaa ya jua, kisha mlango ung'olewe na upakwe rangi au vanishi mara mbili juu, chini, na ukingo ule uliopigwa randa. Rangi ipakwayo juu ya mbao yenye maji hufunga unyevu ndani, kisha hubambuka. Ikiwa ncha hizo nazo zahitaji randa, ipigwe toka pembeni kuelekea katikati, la sivyo ukingo utapasuka. Tena mlango mwepesi wenye uwazi ndani una mbao nyembamba tu ukingoni. Ukipunguzwa sana, hufumuka.

Mchana akafika Kitengela. Mlango wa jikoni, wa mbao, uligonga juu upande wa kitasa, na bawaba zilikuwa zimekazwa vizuri. Mwenye nyumba akasema, "Mzee, piga randa hapo juu, kazi iishe." Fundi hakujibu upesi. Akaenda akafungua mlango wa mbele, ambao ulikuwa wa chuma, kama ilivyo milango ya nje ya nyumba nyingi siku hizi. Nao ulikwaruza. Sasa, chuma hakinywi maji. Milango miwili, mmoja wa mbao na mmoja wa chuma, ikikwama katika majuma yale yale ya mvua, mbao haina hatia.

Akapima kwa kamba toka pembe mpaka pembe ya fremu ya jikoni, kisha akavuka upande mwingine. Vipimo vilitofautiana milimita 12. Juu ya pembe ya mlango palikuwa na ufa ulioukwea ukuta mshazari. Nje, bomba la tangi lilimwaga maji ya ziada penye msingi pale pale.

Akapunguza milimita 3 tu pembeni, ili mlango ufungwe usiku. Kazi iliyobaki haikuwa ya randa: bomba lipelekwe mbali na ukuta, paa lipate mfereji wa kupokea maji, na ardhi iteremke kutoka nyumbani. Alama ya kalamu ikatiwa katika ncha ya ufa pamoja na tarehe. Ufa ukifunga kiangazi na mwanya kurudi, fremu yaweza kunyoshwa wakati huo. Ukiendelea kurefuka hata baada ya maji kuondolewa, msingi wataka mjenzi, wala si seremala.