Picha ya Ardhi Iliyokatwa: Mazungumzo na Waalimu



Katika shule moja niliona ukutani picha ya ardhi iliyokatwa kama mkate. Juu palikuwa na majani, kisha udongo mweusi, mwekundu, mawe. Na chini kabisa mto wa rangi ya buluu, unaopita katika pango jeusi. Picha ilipendeza. Lakini mwisho wa kiangazi kisima cha kijiji kilipokauka, vijana waliosoma katika shule ile ndio waliokuwa wa kwanza kumshutumu jirani aliyechimba kisima kipya, wakisema ameukata mto na kuugeuzia kwake. Nusura watu wapigane kwa sababu ya mstari wa buluu.

Basi picha ya namna hii isinakiliwe katika karatasi nyingine. Ichorwe kutoka shimoni. Chimbeni shimo la kina cha futi 5, upande mmoja usimame wima na kuelekea jua. Udongo utokao usitupwe juu ya upande huo, wala watu wasiukanyage ukingo wake. Kisha mkwangue upande huo kwa kisu, mkianza juu na kushuka, kwa maana mkianza chini udongo wa juu utaanguka na kuipaka matope kazi yenu. Nyunyizeni maji kidogo, rangi zitatokea. Hapo kwetu mlimani tuliona udongo wa kahawia wa inchi 8, halafu mwekundu mzito, na karibu na futi 4 vipande vya mwamba uliooza, vinavyovunjika mkononi. Mpaka baina ya tabaka na tabaka haukuwa kama uzi ulionyoshwa. Ulipanda na kushuka, na mahali pengine haukujulikana kabisa. Mwanafunzi asitumie rula hapo.

Mizizi nayo huchorwa vibaya sana, kama kwamba mti umesimama juu ya kivuli chake katika maji. Hesabuni mizizi katika eneo la kiganja kimoja, kila futi moja mnaposhuka. Mtaona mingi sana juu, na michache chini, ingawa mzizi mmoja mmoja wa mhindi hufika mbali. Mizizi ya mti huenea kando hata kuupita mwisho wa matawi yake. Mchwa pia wasitawanywe picha nzima kama pilipili katika mchuzi. Wachorwe katika njia zao, na njia hizo zishuke, kwa sababu udongo wa kichuguu huletwa na wao kutoka tabaka la chini. Ndiyo sababu kichuguu chaweza kuwa chekundu katikati ya shamba jeusi. (Nyungunyungu achorwe pia, lakini asiandikwe kuwa mdudu wa miguu sita!)

Sasa maji. Twaeni bilauri, msimamishe ndani yake mrija wa tete uliotobolewa pande zote mbili, umegusa chini, kisha mtie mchanga mkavu kuuzunguka, hata bilauri karibu ijae. Mimineni maji polepole ubavuni mpaka nusu. Hamtaona ziwa wala mto. Mtaona mchanga umejaa maji katika nafasi zilizo baina ya chembe. Shusheni kijiti chembamba ndani ya tete: kitalowa mpaka usawa wa maji. Huo tete ndio kisima. Lakini angalieni, mchanga wa nje umelowa juu kidogo kuliko usawa huo, kwa kuwa chembe huyavuta maji kwenda juu. Unyevu huo hauingii kisimani. Mchimbaji anayeacha kazi afikapo kwenye udongo mbichi tu, hajafika.

Mito ya chini ya ardhi ipo kweli mahali penye mawe ya chokaa na mapango. Katika udongo kama huu wetu maji yamo katika nafasi ndogo na nyufa za mwamba.

Kisima chetu kina futi 25. Tulipima kwa kamba yenye jiwe: masika maji yalikuwa futi 14 kutoka ukingoni, na mwisho wa kiangazi futi 23. Yaani maji yalishuka futi 9, na kina kilichosalia ni futi 2 tu. Ndoo za jirani haziwezi kushusha maji futi 9. Mvua zilikoma, na maji yakaendelea kuvuja kwenda bondeni.

Kwa hiyo tulichora picha mbili. Moja ndogo ya kisima kizima, nusu inchi kwa kila futi, yenye mistari miwili ya maji, mmoja wa masika na mmoja wa kiangazi, kila mmoja na tarehe yake. Na maji tuliyaonyesha kwa nukta za buluu baina ya chembe. Ya pili kubwa, ya shimo, inchi 2 kwa futi, na mchwa mmoja kando katika duara, amekuzwa, tukaandika kwamba amekuzwa. Mstari wa kiangazi umeandikwa kwa penseli, kwani mwaka ujao watoto wataupima tena.