Milioni 61 za kwenye karatasi

Mwenyekiti wa chama kimoja cha hiari hapa Tanga, ambacho jina lake nalihifadhi, alinipelekea hesabu zake za mwaka nizitazame kabla ya kwenda kwa mkaguzi. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inadai hesabu zilizokaguliwa, naye alitaka kwenda huko kifua mbele. Mapato yalisomeka Sh 61,000,000. Nikamwuliza mweka hazina, benki ziliingia ngapi? Binti wa watu akainamisha kichwa. "Mzee, ziliingia milioni 18 na laki nne."

Zilizobaki zilikuwa ni misaada isiyo ya fedha. Vidonge 20,000 vya minyoo kutoka Ulaya vimeandikwa kwa Sh 1,500 kila kimoja, yaani milioni 30. Vijana 45 waliosafisha ufuko wa Raskazone kwa siku 10 wamehesabiwa Sh 20,000 kwa siku, jumla milioni 9. Na fundi mwashi wa Ngamiani, aliyejenga choo bure kwa siku 20, kaandikiwa Sh 3,600,000.

Tuanze na vidonge, maana hapo ndipo uongo huwa mkubwa. Swali si kidonge kinauzwaje Ulaya. Swali ni chama kingekinunua kwa bei gani mahali ambapo kweli kingenunua. Mweka hazina akaenda kwenye maduka mawili ya jumla, akarudi na bei zilizoandikwa: Sh 100. Tulipofungua maboksi tukakuta vidonge 5,000 vimekwisha muda siku vilipopokelewa. Hivyo thamani yake ni sifuri. Tena ni gharama, kwa sababu dawa mbovu haitupwi jalalani kama maganda ya machungwa. Vilibaki 15,000 kwa Sh 100, yaani Sh 1,500,000. Milioni 30 zikayeyuka.

Msidhani ni ushamba wetu. Mwaka 2011 jarida la Forbes la Marekani lilieleza jinsi mashirika makubwa ya misaada ya huko yalivyokuwa yakiandika dawa kama hizo za minyoo kwa zaidi ya dola 10 kidonge, wakati katika soko la dunia zilipatikana kwa senti chache. Mwaka 2020 Bodi ya Viwango vya Uhasibu ya huko iliagiza misaada ya vitu ionyeshwe kwenye mstari wake peke yake, na njia iliyotumika kupata bei ielezwe.

Sasa watu. Kanuni za Kimarekani zinaruhusu kuingiza kazi ya kujitolea katika mapato ikiwa imejenga au kuboresha mali ya chama, au ikiwa ni ya ujuzi maalumu, imefanywa na mwenye ujuzi huo, na chama kingelazimika kuilipia kama isingetolewa bure. Waingereza nao hawaingizi kabisa muda wa mfanyakazi wa kawaida wa kujitolea. Vijana wa Raskazone, pamoja na jasho lao lote, wanatoka kwenye mapato. Wanastahili aya nzima katika taarifa ya mwaka: walikuwa 45, siku 10, na daftari la mahudhurio lipo. Fundi anabaki, lakini kwa ujira wa fundi wa mtaani, Sh 40,000 kwa siku. Mwenyekiti alikuwa amempa bei ya mkandarasi. Siku 20 ni Sh 800,000.

Jumla ya kweli ikawa Sh 20,700,000. Mwenyekiti alinuna. Lakini tazama alichokuwa anakificha bila kujua. Ofisi yake ilitumia Sh 4,600,000. Ukizigawa kwa zile milioni 61, ofisi inaonekana imekula shilingi 7 na nusu katika kila 100. Ukizigawa kwa fedha zilizoingia benki, imekula 25! Mfadhili anayejua kusoma hesabu huanza hapo.

Mweka hazina aliuliza jambo la maana kuliko sote: fedha hizo ambazo hazikuingia zitatokaje? Nikamwambia, binti yangu, kila kinachoingia kwa mlango wa mapato kina chumba chake upande wa pili. Vidonge 12,000 zahanati za Pangani zilivitumia, basi Sh 1,200,000 zinakwenda kwenye matumizi. Vidonge 3,000 vilikuwa ghalani siku ya kufunga mwaka, basi Sh 300,000 ni mali katika mizania. Kazi ya fundi, Sh 800,000, inaongezwa kwenye gharama ya choo, nayo itachakaa pamoja na choo miaka ijayo. Kwa hiyo kuna ziada ya Sh 1,100,000 ambayo haina hata senti moja benki, na ni lazima iandikwe hivyo, mjumbe asije akaomba posho kutoka ndani ya choo.

Juzi amenipigia simu. Katika vile 3,000 vya ghalani, 600 vimekwisha muda kabla ya kutumika. Ameshavifuta kwa Sh 60,000, na leja ya ghala imesainiwa na watu wawili. Mwenyekiti ni mmoja wao.