Jitumie Barua Pepe Itakayofika Siku ya Chanjo

(Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wazazi na wahudumu wa afya ya jamii)

 

Leo nazungumzia tarehe moja tu iliyo kwenye kile kijitabu cha kliniki: chanjo ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hufuatana karibu karibu, na mama huwa bado anazikumbuka. Kisha inakuja ile ya miezi 9. Baada ya hapo ni miezi 9 mingine, mtoto ameanza kutembea, na kijitabu kimeingia chini ya nguo kabatini. Lakini kati ya watoto 100 wanaochanjwa surua wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo ya kwanza. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia.

Wengi wenu mna Gmail kwenye simu, hata kama mliifungua kwa sababu simu ilidai tu. Humo ndani mnaweza kuandika barua leo na ikafika siku mnayotaka. Huhitaji kupakua kitu kingine.

Tuchukue mtoto aliyezaliwa tarehe 14 Januari 2026. Miezi 18 itatimia tarehe 14 Julai 2027. Fungua Gmail, anza barua mpya, na pale pa mpokeaji andika anwani yako mwenyewe. Kwenye kichwa cha barua andika jambo lenyewe: “Chanjo ya surua ya pili, kesho, beba kijitabu.” Ukiandika “Kumbuka” peke yake, itapotea katikati ya matangazo. Sasa usibonyeze alama ya kutuma. Bonyeza vile vidoti vitatu vilivyo juu kulia, uchague Schedule send, halafu Pick date & time. Weka tarehe 13 Julai 2027, saa moja jioni, kisha uthibitishe.

Hapo kwa saa ndipo watu huteleza. Simu haihesabu saa kwa Kiswahili. Saa moja jioni kwake ni 7:00 PM, au 19:00. Ukichagua 1:00 PM, barua itafika saa saba mchana, labda ukiwa shambani au sokoni.

Mimi ningeweka barua mbili: moja wiki moja kabla, yaani tarehe 7 Julai, ili upange nauli na ruhusa ya kazi, na nyingine jioni ya kuamkia siku yenyewe. Pia ongeza anwani ya baba mtoto au ya nyanya. Barua itawafikia wote kwa wakati mmoja, na mzigo wa kukumbuka hautamlemea mama peke yake.

Mzee mmoja hapa ameniuliza: simu ikiwa imezima siku hiyo, je? Barua haikai ndani ya simu yako. Iko kwenye mitambo ya Google, nayo itatumwa hata kama simu imezima. Utaiona utakapowasha simu na kuwasha data. Na simu ikipotea, ingia kwenye akaunti ile ile kwa simu nyingine. Mradi hukusahau nywila, barua zako ziko.

Kuhakikisha imepangwa, fungua menyu iliyo juu kushoto, utafute Scheduled. Barua yako iwe humo na tarehe yake. Ukitaka kubadilisha siku, bonyeza Cancel send, urekebishe. Angalia sana hapa: ukishabonyeza hivyo, barua inarudi Drafts, na itabaki pale milele usipoipangia tarehe upya.

Kuna udhaifu mmoja ambao sitauficha. Barua pepe hailii kama kengele ya kuamka. Simu nyingine hazitoi mlio kabisa kwa barua zinazoingia. Kwa hiyo kabla ya kupanga ya mwaka ujao, jitumie ya majaribio itakayofika baada ya dakika 10, uweke simu chini, usikilize. Isipolia, ingia Settings, kwenye akaunti yako, uangalie kama arifa zimewekwa All. Ikiwa bado ni kimya, tegemea ile anwani ya pili, na mjaribu simu ya huyo mwenzako pia.

Tena, Google inaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka 2. Ifungue mara moja moja, hata kama ni kuangalia tu Scheduled.

Walio na vijitabu hapa, vitoeni sasa tutafute tarehe ya kila mtoto. Wasio na data, kaeni na mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Yeye anaweza kujipangia barua hiyo yenye jina la mtoto wenu, kisha awapigie simu.