Picha moja, lugha mbili

Tangazo la shule mjini Goma huweza kuanza kwa Kifaransa, likaingiza sentensi ya Kiswahili katikati ya aya, kisha likarudi Kifaransa. Mzazi akilipiga picha kwa simu, anataka Kifaransa tu kitafsiriwe.

Kwanza programu ya kutafsiri husoma herufi za picha. Ikiambiwa kwamba picha yote ni ya Kifaransa, huenda ikayapotosha maneno ya Kiswahili ili yafanane na yale inayoyajua. Kwa hiyo itajiwe lugha zote mbili mapema.

Kosa kubwa huja baadaye. Programu nyingi huipa aya nzima lugha moja, ile yenye maneno mengi. Dawa yake ni kuikata aya kwa sentensi, kila kipande kitambuliwe peke yake, cha Kifaransa kitafsiriwe na kurudishwa mahali pake, cha Kiswahili kiachwe kama kilivyo.

Kukata neno kwa neno hakufai. "Mai" ni mwezi wa tano kwa Kifaransa, na ni maji kwa Kiswahili cha Kongo. Maneno yaliyo jirani nalo tu ndiyo huamua. Mzazi atalinganisha Kiswahili kilichobaki na picha: kikibadilika hata herufi moja, kuna sentensi iliyotambuliwa vibaya au kusomwa vibaya.