Kutoka Karatasi Zilizosahihishwa hadi Kiunzi cha Insha: Mada ya Semina kwa Walimu wa Kiswahili wa Meru na Embu

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, yaani KCSE, humtaka mtahiniwa aandike insha mbili kwa muda wa saa moja na dakika arubaini na tano. Swali la kwanza ni la lazima na aghalabu huhusu utungaji wa kiuamilifu, yaani maandishi yenye kazi mahususi na sura maalumu, kama vile barua rasmi, hotuba, tahariri, ripoti na kumbukumbu za mkutano, ilhali insha ya pili huchaguliwa miongoni mwa maswali matatu yanayobaki. Kila insha hutuzwa alama 20 na hutakiwa isipungue maneno 400. Kwa kuwa masharti haya hayabadilikabadiliki, walimu wengi wa shule za Meru na Embu wamezoea kuwapa wanafunzi insha za mfano wazikariri. Mada hii inashikilia kwamba kinachofaa kukaririwa ni kiunzi tu, na kwamba kiunzi hicho hakipatikani katika insha iliyotungwa na mwalimu akiwa peke yake, bali katika karatasi za wanafunzi ambazo zimekwisha kupigwa kalamu nyekundu.

Neno kiunzi linatumiwa hapa kwa maana ya mifupa ya insha: mpangilio wa sehemu zake na maswali ambayo kila sehemu inapaswa kujibu, bila nyama ya sentensi. Insha ya mfano ni kitu tofauti, kwa sababu huja ikiwa na nyama yake, na mwanafunzi dhaifu hushika nyama hiyo kabla hajatambua mifupa iliyoibeba.

Mwalimu anayetaka kuunda kiunzi huanza kwa kuchagua karatasi kumi na mbili za swali moja, tatu kutoka kila ngazi ya utuzaji. Ngazi hizo ni nne: D ni alama 1 hadi 5, C ni 6 hadi 10, B ni 11 hadi 15, na A ni 16 hadi 20. Kosa la kawaida ni kuchukua karatasi za ngazi ya A pekee. Karatasi bora huonyesha mwanafunzi mmoja alivyofanikiwa, na mara nyingi kufanikiwa huko kumetokana na kipaji chake au na vitabu alivyosoma nyumbani, mambo ambayo hayawezi kuhamishiwa kwa mwenzake. Karatasi zilizo mpakani, hasa za alama 10 na 11, ndizo zenye mafunzo mengi, kwa maana hapo mwalimu huona ni jambo gani moja lililomvusha huyu na kumzuia yule. Alama za usahihishaji nazo ni data: mstari mmoja chini ya kosa la tahajia linapotokea kwa mara ya kwanza, mistari miwili chini ya kosa la sarufi, na alama ya vema pambizoni palipo na hoja. Mwalimu aliyetuza kwa kuandika tu “jitahidi” mwishoni mwa karatasi hana cha kuundia kiunzi, na itambidi azisahihishe upya.

Mfano ufuatao, uliotungwa kwa ajili ya semina hii kwa kuzingatia makosa ya kawaida ya eneo hili, unahusu barua rasmi. Mwanafunzi ameambiwa kuwa yeye ni katibu wa chama cha mazingira shuleni, naye anatakiwa kumwandikia afisa wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji kueleza jinsi mikaratusi iliyopandwa kandokando ya Mto Kathita inavyowaathiri wakazi, kisha apendekeze hatua za kuchukuliwa. Mwanafunzi aliyepata alama 9 aliandika hivi:

“Ningependa kuchukua fursa hii adhimu kukuandikia waraka huu kwa madhumuni ya kukufahamisha kuhusu suala nyeti ambalo limekuwa donda ndugu katika jamii yetu. Kwanza, mikaratusi inaleta mathara mengi. Watu wako na shida sana ya maji. Pia mazao yanaharibika.”

Sentensi ya kwanza ina maneno 22, haina kosa la sarufi, na haisemi lolote. Neno “waraka” limetumiwa kana kwamba ni kisawe cha barua chenye hadhi zaidi, ilhali katika shughuli za ofisi waraka ni maandishi yanayosambazwa kwa watu wengi. Ushahidi kwamba sentensi hiyo ilikaririwa hupatikana kwa jaribio rahisi linaloweza kuitwa jaribio la kubadilisha swali: msomaji huondoa swali la mikaratusi, akaweka la utovu wa nidhamu au la ajali barabarani, kisha akatazama ni sentensi zipi zinazobaki mahali pake bila kutetereka. Sentensi ya kwanza inabaki. Sentensi inayobaki baada ya jaribio hili haijajibu swali, na isipokuwa ni sehemu ya sura, kama vile mtajo au kimalizio cha barua, haipaswi kuingia katika kiunzi.

Sentensi tatu zinazofuata zina tatizo jingine. Mwanafunzi ametaja hoja mbili bila kuzitosheleza, maana msomaji haambiwi mikaratusi inafanya nini hasa wala nani anaumia. Karatasi za ngazi ya B za swali kama hili hutofautiana na karatasi hii katika jambo hilohilo: hoja zao si nyingi zaidi, lakini kila moja imepewa aya yake na imefuatiliwa mpaka kwenye athari inayoonekana. Hapo ndipo kiunzi cha aya ya hoja kinapozaliwa, kikiwa na maswali manne: kuna jambo gani linalotendeka, linasababishaje madhara, nani anaathirika, na ni ishara gani ambayo mtu akifika mahali pale ataiona kwa macho? Mwanafunzi yuleyule akiyajibu maswali hayo anaweza kuandika:

“Mikaratusi iliyopandwa kwenye kingo za mto hufyonza maji mengi, hasa wakati wa kiangazi ambapo mto wenyewe umepungua. Kutokana na hali hiyo, chemchemi iliyokuwa ikitegemewa na wakazi wa kijiji chetu imekauka, na wanafunzi wa kutwa hulazimika kuteka maji mbali kabla ya kuja shuleni, jambo linalowafanya wachelewe masomo ya asubuhi.”

Aya hii ina maneno yasiyofika hamsini. Utangulizi wa maneno 40, hoja sita za maneno 50 kila moja, na hitimisho la maneno 60 lenye ombi mahususi kwa afisa, hutimiza maneno 400 bila mwanafunzi kurefusha insha kwa mapambo. Hesabu hii inafaa kuandikwa katika kiunzi chenyewe, kwa sababu insha fupi huadhibiwa, na wanafunzi wenye mwandiko mkubwa hudhani kuwa wamemaliza kwa kuwa ukurasa umejaa.

Sura ya barua rasmi ndiyo sehemu pekee inayostahili kukaririwa neno kwa neno, na haihitaji maelezo marefu: anwani ya mwandishi na tarehe upande wa kulia, anwani ya mwandikiwa upande wa kushoto, mtajo, mada inayotanguliwa na KUH au MINT, mwili, kisha kimalizio, sahihi, jina na cheo. Karatasi zilizosahihishwa huonyesha mahali pawili panaposahaulika. Mwanafunzi huandika “KUH: KUHUSU MIKARATUSI”, akirudia neno ambalo tayari limefupishwa, au huacha cheo chake mwishoni ingawa swali limempa cheo hicho waziwazi.

Makosa ya lugha katika karatasi za eneo hili yana mpangilio wake, na kiunzi kisichouzingatia kitakuwa kimeagizwa kutoka kwingine. Tahajia “mathara” badala ya “madhara” inatokana na ukweli kwamba katika maandishi ya Kimeru na Kiembu herufi “th” huwakilisha sauti ambayo Kiswahili huiandika “dh”. Mwanafunzi amesikia vyema na kuandika kwa mazoea ya lugha yake ya kwanza, kwa hiyo kumwambia “soma zaidi” hakumfai kitu. Kuchanganya “r” na “l”, au kutanguliza sauti ya pua katika “mbarua” na “ndarasa”, ni makosa ya aina hiyohiyo. “Watu wako na shida” badala ya “watu wana shida”, na “venye” badala ya “jinsi”, yanatokana na Kiswahili cha mitaani kinachosikika Maua na mjini Embu sawa na Nairobi. Kiunzi kinaweza kuwa na pambizo la maneno kumi tu ambayo darasa husika limeyakosea katika zoezi lililopita, na orodha hiyo ibadilishwe kila zoezi jipya linaposahihishwa.

Katika hotuba, alama nyingi hupotea kwenye itifaki, yaani utaratibu wa kuwatambua wasikilizaji kwa kufuata vyeo kuanzia cha juu. Tuseme swali linamtaka mwanafunzi awe mwenyekiti wa kikundi cha vijana wa Mbeere anayewahutubia wakulima wa muguka katika baraza la chifu kuhusu watoto wanaoacha shule ili kuvuna mashambani. Itifaki iliyokaririwa humleta Rais, Gavana, Seneta na Mbunge katika baraza hilo, huku chifu mwenye baraza akitajwa mwisho au akisahaulika kabisa. Mtahini hapo haoni upungufu wa adabu pekee. Anaona mtahiniwa ambaye hakusoma swali. Kiunzi cha itifaki hakipaswi kuwa na cheo chochote, bali maswali matatu: shughuli hii ni ya nani, nani mkubwa kuliko wote waliopo, na msemaji ana uhusiano gani nao? Majibu ni chifu, naibu wa chifu, wazee wa kijiji, viongozi wa dini na wakulima, na yote yanaingia katika mistari miwili.

Suala la alama za kunukuu katika hotuba limewagawa walimu kwa muda mrefu. Miongozo mingi ya kusahihishia mitihani ya mwigo hutarajia hotuba ifunguliwe na kufungwa kwa alama hizo, kwa kuwa ni maneno yanayotamkwa. Shule zinazoshirikiana katika mtihani mmoja zingefanya vyema kukubaliana kabla ya usahihishaji, kwani mwanafunzi anayepoteza alama za sura katika shule moja na kuzipata katika nyingine hujifunza kuwa sura ni bahati nasibu.

Kiunzi kina mipaka yake. Katika insha ya methali hakiwezi kuonyesha zaidi ya sharti kwamba kisa kizilenge pande zote mbili za methali, na hapo karatasi zilizosahihishwa huonyesha tu ni upande gani uliosahaulika, kwa kawaida ule wa pili. Hatari nayo huonekana pale ambapo shule nzima imetumia insha moja ya mfano: aya zinazofanana neno kwa neno katika kituo kimoja cha mtihani huweza kuzua shaka ya udanganyifu hata kama kila mtahiniwa aliandika kutoka kichwani mwake. Mwalimu anaweza kuitambua hali hiyo mapema kwa kuzipanga karatasi za zoezi moja mezani na kusoma aya za kwanza pekee, moja baada ya nyingine. Zikianza kusikika kama sauti moja, kiunzi kilichotumika kimekwisha kugeuka insha ya mfano, na karatasi hizohizo ndizo zitakazotumika kukiunda upya.